Mfuasi, mfuata, na mwenye mpini

Pasaka iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, anauza vitenge kwa simu. Anapiga picha, anaposti, mteja anaagiza, mzigo unapanda basi. Siku hiyo alikuwa na furaha. Akasema mbele ya wazee, "Nimefikisha wafuasi elfu mbili."

Baba mkubwa ni mzee wa kanisa. Akaweka kikombe chini. "Elfu mbili? Yesu alilisha elfu tano. Wewe hao elfu mbili unawalisha nini?"

"Siwalishi, baba. Wananifolo tu."

"Wanakufolo kwenda wapi?"

Tukacheka wote, na mdogo wangu akacheka zaidi. Lakini nilipanda daladala kurudi mjini nikiwa na swali lile kichwani, maana halikuwa la mzee asiyejua simu. Baba mkubwa simu anayo, na makundi ya ukoo yote yumo. Lilikuwa swali la mtu anayejua Kiswahili. Kitenzi kufuata kwake kina mguu ndani yake. Ukimfuata mtu, yeye yuko mbele, wewe uko nyuma, na kuna mahali mnakokwenda. Ukiniambia una watu elfu mbili wanaokufuata halafu huendi popote, kuna kitu umekivuta kupita urefu wake.

Makala hii inahusu mvuto huo. Kuna maneno manne ambayo simu imeyaleta, au imeyakuta na kuyanyoosha: mfuasi, kusambaa, kuvuma, na jina lile linaloanza na alama ya @. Kuna wenzangu wanaolalamika kwamba mitandao inaharibu lugha. Mimi siamini hivyo. Naamini lugha inajua zaidi yetu, na kwamba pale watu wa Iringa na Mbeya walipokataa neno fulani au kulikubali kwa shingo upande, mara nyingi walikuwa na sababu.

Tuanze na mfuasi. Neno limetokana na kufuata kwa njia ileile iliyotupatia mlinzi kutoka kulinda na mwizi kutoka kuiba. Sauti ya mwisho ya shina inabadilika ikikutana na ile "i", basi "t" ya kufuata ikawa "s". Nomino za namna hii kwa kawaida humtaja mtu kwa kile alicho. Mlinzi ni mlinzi hata akiwa amelala, maana hiyo ndiyo kazi yake. Vivyo hivyo mfuasi si mtu aliyefuata jana mara moja. Ni mtu ambaye kufuata kumekuwa sehemu ya maisha yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi neno hili lilikaa sehemu mbili tu, kwenye dini na kwenye siasa. Wafuasi wa Yesu, wafuasi wa chama. Kote kuwili kuna gharama.

Kama unataka kuona gharama yenyewe, huna haja ya kutoka Kalenga. Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafia hapohapo. Wakarudi mwaka 1894, mwezi Oktoba, wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa hakukamatwa. Aliishi porini karibu miaka minne, hadi alipojiua Mlambalasi mwezi Julai 1898. Kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia elfu tano. Hebu fikiria maana ya fedha hiyo kwa mkulima wa wakati ule. Na bado kwa muda wote huo kuna watu waliomlisha, waliompa taarifa, waliojua alikolala na wakanyamaza, huku wakijua kwamba kijiji kinaweza kuchomwa kwa ajili hiyo. Hao ndio wafuasi. Siku ya mwisho alikuwa amebaki na wachache mno, na idadi hiyo ndogo haipunguzi kitu katika maana ya neno.

Sasa chukua neno lililobeba hayo yote, ulibandike kwa mtu aliyegusa kitufe akiwa kwenye foleni ya benki. Lazima lipwaye.

Lakini angalia kitu cha kuvutia. Kiswahili kina namna nyingine ya kutaja mtu anayefuata, na tunayo siku zote kwenye methali: mfuata nyuki hakosi asali. Mfuata, si mfuasi. Mfuata hawezi kusimama peke yake. Huwezi kusema "yule ni mfuata" ukanyamaza, msikilizaji atakuuliza mfuata nini. Lazima utaje kitu: mfuata nyuki, mfuata upepo, mfuata mkumbo. Ni kama mla nyama na mchimba kisima. Neno la namna hii linamtaja mtu kwa kile anachokiendea, bila kudai kwamba kimemgeuza.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la baba mkubwa. Simu inahesabu wafuata, halafu inawaita wafuasi. Wale elfu mbili wa mdogo wangu ni wafuata vitenge. Kitenge kikiwa kizuri na bei ikiwa nzuri, watakuja. Kikipauka, wataondoka bila kuaga, na hakuna atakayewaita wasaliti. Yeye mwenyewe anajua hilo vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza baadaye, katika elfu mbili hao wangapi wamewahi kununua. Akahesabu kwa daftari, si kwa simu. Hawakufika sitini. "Hao sitini," akasema, "nikiumwa wananipigia." Basi wafuasi anao, ila idadi yao imeandikwa kwenye daftari.

Mtaani watu wameshaona kasoro hii. Sikiliza vijana pale Miyomboni au Mwanjelwa wanavyoongea. Ni wachache wanaosema "wafuasi wangu" bila kutabasamu. Wanasema "mafolowa". Wengine tunaliona neno hilo kuwa uvivu, lakini nadhani ni adabu. Wamelikopa neno jepesi kwa kitu chepesi, wakaliacha zito lipumzike. Mtangazaji wa redio, kwa upande wake, anasema "wanaotufuatilia", na hili nalo ni chaguo lenye akili, ingawa lina mwiba. Kufuatilia ni kufuata kwa bidii na kwa karibu. Mkulima anafuatilia malipo ya mahindi yake, mzazi anafuatilia maendeleo ya mtoto shuleni, polisi wanafuatilia mtuhumiwa. Anayekufuatilia anaweza kuwa anakupenda, anakudai, au anakutafuta. Kwa mitandao ya leo, hiyo ni maelezo sahihi kabisa. Mwiba huo tutaukuta tena.

Neno la pili. Kiingereza, kikitaka kusema kwamba video imefika kila mahali kwa siku moja, kilikwenda kuazima kwa madaktari. Kikasema video imekwenda kama virusi. Sisi tungeweza kutafsiri hivyohivyo. Tafsiri nyingi za mambo ya simu zilifanywa kwa mtindo huo, neno kwa neno. Hii haikushika, na kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini naona sababu waziwazi.

Neno virusi kwetu lilikuwa limeshajaa. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe ndani yake, ukiwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU. Karibu watu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa navyo, wakati wastani wa nchi haukufika watu 6. Mbeya nayo ilikuwa juu ya wastani huo. Aliyekua miaka ile kule Makete au Mufindi anajua nyumba ambazo bibi alibaki na wajukuu bila kizazi cha katikati. Huwezi kumwambia mtu wa hapo, kwa furaha, kwamba wimbo wake umekuwa kirusi. Atakuuliza nani amekufa.

Basi watu wakachagua kusambaa. Hili ni neno la shambani na la moto. Maji yanasambaa kwenye tuta, mbegu zinasambaa, moto wa kiangazi unasambaa mlimani. Kijana wa mjini atasema "imeenda vairo", na hapo sauti ya Kiingereza inamkinga asiisikie maana yake. Lakini akiandika habari, ataandika "video inayosambaa mitandaoni". Kwa tafsiri isiyopangwa na kamati yoyote, nadhani tulipata neno zuri.

Zuri, ila lina mtego, na mtego upo kwenye herufi moja. Kusambaa ni kitendo kisicho na mtendaji. Maji yamesambaa, hatusemi nani kayamwaga. Ukiweka "z" ukapata kusambaza, papo hapo anatokea mtu. Kuna aliyesambaza. Kiingereza kinapoita kitu cha virusi kinaweza kukwepa swali la nani kafanya, milele. Kiswahili hakikwepi, kinakulazimisha uchague kila unapofungua mdomo: imesambaa, imesambazwa, amesambaza. Na kati ya hizo tatu, ya mwisho inaweza kukupeleka mahakamani, maana tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, "kusambaza taarifa za uongo" ni maneno tunayoyasikia kwenye matangazo ya polisi kila mara.

Kesi moja ya mkoa wetu inaonyesha herufi hiyo ilivyo na uzito. Katikati ya mwaka 2024 kijana mmoja mchoraji wa wilaya ya Rungwe alionekana kwenye video ya TikTok akichoma picha ya Rais na kusema maneno makali. Magazeti yaliandika kwamba video hiyo "ilisambaa". Mwezi wa saba mahakama mjini Tukuyu ilimhukumu kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni tano. Kijana wa kuchora mabango hana milioni tano. Watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona wakaanza kuchanga kwa simu, shilingi elfu mbili, elfu kumi, na kwa siku chache fedha ikatimia. Akatoka. Mwezi wa nane familia yake ikatangaza kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana na haonekani.

Sitaki kuifanya habari ya mtoto wa watu kuwa mfano wa sarufi. Lakini isome tena polepole uone maneno yanavyofanya kazi. Waliotazama walikuwa maelfu kwa maelfu, na kila aliyeituma kwa mwenzake aliisukuma mbele kidogo. Kwa hao wote lugha ilitumia kusambaa, kitendo kisicho na mtu. Mzigo ulipoanza kugawanywa, akapatikana mtendaji mmoja. Halafu wakatokea wale waliochanga, ambao hawakuwa wamebofya chochote cha kumfuata kabla ya siku hiyo. Kwa kipimo cha Kalenga, hao walikaribia kuwa wafuasi kuliko wale waliotazama, maana walitoa kitu mfukoni. Na mwishoni wapo waliomfuatilia. Ule mwiba niliosema ndio huo.

Neno la tatu nitalipitia haraka, kwa sababu hapa Kiswahili kilikuwa kimemaliza kazi zamani. Tunasema "inatrendi", na vijana wameshaligeuza, ametrendi, anatrendisha, wamemtrendisha. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa la mwelekeo, ufuko wa bahari unavyopinda kwenda kusini, bei inavyopanda. Halikuwa na kelele ndani yake. Sisi tuna kuvuma, neno lililo kelele tupu. Upepo unavuma, nyuki wanavuma, ngoma inavuma, na jina la mtu linavuma. Humohumo limetoka uvumi, yaani habari isiyojulikana mzazi wake. Sijaona lugha iliyoweka umaarufu na uongo kwenye shina moja kwa uwazi namna hii.

Na methali zimeshatoa hukumu. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ya kwanza inasema anayesikika si yeye pekee aliyepo. Ya pili inasema kusikika kunachosha ngozi. Anayesema "msanii anavuma" anakuwa ameshaonya bila kukusudia. Anayesema "anatrendi" hajaonya kitu. Ndiyo maana, nadhani, lile la mkopo limependwa, na msanii anayetafuta kiki hatalibadilisha kwa neno linalomkumbusha ngoma iliyopasuka. Watani wetu wanapenda kusema kwamba Mbeya na mbea ni neno moja lililokosewa tahajia. Si kweli, lakini mtani anajua kuvuma kunaanzia wapi.

Nimeliacha jina mwisho kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa Kiingereza, jina la mtandaoni linaitwa kwa neno lilelile la mpini wa jembe. Kabla ya simu hizi, Wamarekani waliokuwa wakiongea kwa redio za kwenye magari miaka ya 1970 walikuwa wanajipa majina hayo ya kupanga. Wazo ni kwamba jina ni mahali pa kukushika. Sisi hatukulitafsiri. Tunasema jina la mtandaoni, akaunti, au aidii. Hakuna anayesema "nipe mpini wako", na akisema hivyo pale Uyole ataletewa wa jembe.

Si kwamba desturi yenyewe ilikuwa ngeni. Mkwawa ni jina lililofupishwa. Jina refu, Mkwavinyika, linaelezwa kuwa la sifa, la mtu anayetwaa nchi. Hata jina la Wahehe, wengi wanaeleza kwamba lilitoka kwenye kelele yao ya vita, "hee, hee", iliyosikiwa na wengine ikageuzwa jina. Mbeya nako, aliyekuwa mbunge wa mjini kuanzia 2010 hadi 2020 alichaguliwa na watu waliomjua kwa majina ya muziki: Mr. II, 2 Proud, na hatimaye Sugu. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha mtu anayelima. Inaota pale mpini unaposugua. Jina alilolichagua linakaa upande wa pili wa mpini, upande wa kiganja.

Februari 2018 mahakama ya Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema jukwaani dhidi ya Rais wa wakati ule. Mei akatoka kwa msamaha wa Rais. Mtaani walisema "Sugu kafungwa". Kwenye jalada hakukuwa na Sugu, alikuwepo Joseph Mbilinyi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya jina la kuvuma na jina la kushikwa. La kwanza unajipa mwenyewe, au watu wanakupa. La pili linakaa kwenye faili la mtu mwingine.

Mitandao iliahidi kwamba tungeweza kuishi kwa lile la kwanza. Kwa muda tukaamini. Ungeweza kuwa chochote baada ya alama ya @. Halafu ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake uliwekwa tarehe 20 Januari 2020, na kila laini ikafungwa kwenye kitambulisho cha taifa. Akaunti inataka namba ya simu, namba inataka kidole. Jina lako la kupanga limebaki palepale, linapendeza, lakini limechomekwa kwenye chuma ambacho hukukifua wewe.

Waswahili husema mwenzako akishika mpini wewe ukashika makali, usivute. Msemo huo ni wa kisu, na haukutungwa kwa ajili ya simu. Lakini nadhani ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kutolitafsiri lile neno la Kiingereza. Kiingereza kinadhani mpini ni wako kwa kuwa umeuchagua wewe. Kiswahili kinauliza swali jingine kabisa: nani ameushika?

Nilimsimulia baba mkubwa haya niliporudi mwezi wa sita. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa mwambie mdogo wako awaite wateja. Neno lipo." Halafu akamgeukia binti yake, akanong'ona, lakini nilimsikia. "Na mimi ni wa ngapi kwenye hao elfu mbili?"

Hakuwemo. Alikuwa kwenye daftari.